Jinsi ya kusikia "can" na "can't" katika Kiingereza cha haraka

Jioni moja hapa Bukavu niliwasikilizisha wanafunzi wangu sentensi moja ya Mmarekani, mara 3, bila kuwaonyesha maandishi. Wengi wao wanajiandaa kufanya kazi ya ukalimani. Sentensi yenyewe ni hii:

We can start at ten, but we can't pay today.

Maana yake: tunaweza kuanza saa nne, ila leo hatuwezi kulipa. Mmoja wao aliandika: We start at ten, but we can pay today. Neno "can" la mwanzo limepotea, na "can't" imegeuka kuwa kinyume chake. Mkalimani akiwafikishia vibarua maneno hayo, jioni watakuja kudai fedha ambazo hakuna aliyewaahidi.

Nilimwuliza alikuwa akisikiliza nini. Akanijibu: "Mwalimu, nimeitafuta ile t mara zote tatu, haiko." Alisema kweli. Ile t haikusikika, na haikuwa kosa la sikio lake. Alikuwa anaitafuta dalili mahali ambapo haipo. Mwongozo huu ni wa kuitafuta mahali ilipo.

Hatua ya 1: Andika kabla ya kusoma

Chukua rekodi ya mtu anayezungumza kwa mwendo wake wa kawaida, sekunde 5 hadi 10 tu. Isikilize mara 3, andika ulichosikia, kisha ndipo ufungue maandishi. Ukianza na maandishi, jicho litalidanganya sikio: utadhani umesikia neno kwa sababu umeliona.

Usikimbilie kupunguza kasi kwenye simu. Kupunguza kasi kunarefusha sauti iliyotoka mdomoni, hakurudishi sauti ambayo msemaji hakuitoa. Pia usitegemee sana kumwomba msemaji arudie. Akirudia polepole, mara nyingi atalitamka "can" lote wazi, na hapo utakuwa umesikia sentensi nyingine, si ile iliyokushinda.

Hatua ya 2: Gonga meza

Cheza sentensi tena na ugonge meza kila silabi inapotoka kwa nguvu. Utapata hivi:

We can START at TEN, but we CAN'T PAY toDAY.

Magongo ni 5. "Can" haina gongo, "can't" inalo. Hapa ndipo penye ufunguo. Kiingereza kina maneno takriban 40 ya kuunganisha na kusaidia, kama "can", "to", "of", "for", "at", "and", ambayo yana matamshi mawili: moja kamili, jingine dhaifu. Katika mazungumzo yale dhaifu ndiyo ya kawaida. "Can" dhaifu hutamkwa /kən/, na irabu yake ndiyo hiyo ə inayoitwa shwa: fupi, katikati ya mdomo, midomo imelegea. "Can't" haina umbo dhaifu. Irabu yake hubaki nzima daima, /kænt/ kwa Mmarekani (sauti iliyo kati ya a na e) na /kɑːnt/ kwa Mwingereza wa kusini, a ndefu iliyo nyuma.

Kwa hiyo acha kuiwinda t. Mbele ya konsonanti nyingine, kama p ya "pay", Wamarekani wengi huikata kooni au huifunga bila kuiachia. Jiulize swali moja tu: irabu ilikuwa nzima au iliyeyuka? Ikiwa nzima, na kitenzi kinafuata, elekea kwenye "hatuwezi". Ikiwa imeyeyuka, ni "tunaweza".

Hatua ya 3: Liyeyushe neno kwa mdomo wako

Sikio hujifunza haraka zaidi mdomo ukiwa umetangulia. Sisi wa Kongo tunasema mutu, muzuri, muzee. Watu wa pwani wanasema mtu, mzuri, mzee. Wameimeza u, lakini silabi haikufa: m imebaki peke yake na bado inahesabiwa. Mtoto wa Bukavu anayesikiliza redio ya Tanzania halalamiki kwamba neno limepotea. Amezoea kwamba m hiyo ni mu yake.

Fanya vivyo hivyo na "can". Anza na "kan" yenye a nzima, kisha ibane mpaka ibaki "kn", n ikisimama peke yake kama n ya nchi. Sema: wi-kn-START. Aliyezoea Kifaransa ana msaada mwingine: e ya "le" iko karibu na shwa, mradi usiviringishe midomo.

N hiyo pia hufuata jirani yake, jambo ambalo Kiswahili kinalijua vizuri. Mbele ya b au p huelekea kuwa m, hivyo "can be" husikika kama "kmbi". Mbele ya g au k huwa ng', kwa hiyo "can go" inakaribia "kng'go". Mwanafunzi anayesubiri n safi hataiona.

Tatizo letu linaanza mapema zaidi ya hapa. Katika Kiswahili kila irabu hutamkwa nzima, ziwe zenye mkazo au zisiwe nao. Halafu Kiingereza tulikipata ubaoni na katika imla, mwalimu akisoma neno moja moja kwa sauti kamili. Wengi wetu pia tumezoea Kiingereza cha majirani wa Uganda na Kenya, ambacho kwa kawaida hakiyeyushi irabu kiasi hicho. Hivyo "can" tuliyoihifadhi kichwani ni ile kamili, na /kən/ inapopita tunaiona kama mguno.

Hatua ya 4: Jua pale kanuni inapovunjika

"Can" hurudia umbo lake kamili kitenzi kisipoifuata: Yes, we can. As fast as I can. Hurudia pia mtu anapopinga: You CAN pay! Hapo irabu ni nzima bila kuwa na ukanushi.

Kwa Mwingereza wa kusini irabu mbili tofauti zitakusaidia hata hapo. Kwa Mmarekani irabu ni ile ile, basi sikiliza mwisho wake. Katika "we can" irabu inajivuta na n inafifia taratibu puani. Katika "we can't" irabu ni fupi zaidi na sauti inakatika ghafla. Tofauti ni ndogo, na mbele ya fedha au tarehe mimi sitegemei sikio peke yake. Nauliza: So you are not able to pay today? Nimelibadilisha neno makusudi, maana kuuliza "can or can't" kunarudisha utata ule ule.

Hatua ya 5: Jaribu upande wa pili

Rekodi sauti yako ukisema: I can come on Monday. Mpe mwenzako aisikilize na aandike. Ukiigonga "can" kwa nguvu, msikilizaji wa Kimarekani ana hatari ya kuelewa kwamba hutakuja, kwa sababu kwake gongo lile na irabu ile nzima ni alama ya "can't". Gonga COME na MON tu, na "can" iache iyeyuke.

Yule mwanafunzi alirudia sentensi ya kwanza baada ya siku 4 za kugonga meza. Safari hii aliandika maneno yote, akapigia mstari "can't", na pembeni akaandika kwa penseli: "t haiko, lakini a iko nzima."