Bafa ya Giemsa ya pH 7.2: hesabu kutoka kwenye mizani hadi kwenye slaidi

Juzi mwenzangu wa maabara ya kituo cha afya alinitumia picha za slaidi za malaria. Seli nyekundu zimekuwa za pinki mno, na kwenye slaidi aliyoishuku kuwa ni ovale hakuna kitone hata kimoja cha Schüffner. Alikuwa tayari kuitupa chupa ya Giemsa. Nikamwomba picha ya lebo ya fosfeti.

Bafa hii kwa kawaida huandikwa hivi: kwa lita moja, gramu 1.0 ya Na2HPO4 na gramu 0.7 ya KH2PO4. Mimi napendelea kuwa na akiba mbili za 0.1 M, maana mizani nyingi za vituoni hazina uhakika kwenye gramu 0.7, ila kwenye gramu 7 zinaaminika.

1. Akiba za 0.1 M, mililita 500 kila moja

```
gramu = M × lita × uzito wa moli
Na2HPO4: 0.1 × 0.5 × 141.96 = 7.10 g
KH2PO4:  0.1 × 0.5 × 136.09 = 6.80 g
```

Yeyusha kwenye maji yaliyokenekwa kama mililita 400, kisha jaza hadi mstari wa 500 wa chupa ya ujazo. Usipime maji 500 halafu ukamwagia chumvi. Na mistari ya bika ni ya kukadiria tu. Usiitegemee kwa kazi hii.

2. Soma lebo kabla ya kugusa mizani

Hapa ndipo slaidi zake zilipoharibikia. Na2HPO4 huuzwa ikiwa kavu kabisa, au ikiwa na maji ndani ya fuwele, na maji hayo yana uzito. Kwa akiba ileile ya mililita 500 utapima:

- Na2HPO4 kavu (141.96): gramu 7.10
- Na2HPO4·2H2O (177.99): gramu 8.90
- Na2HPO4·12H2O (358.14): gramu 17.91

Chupa yake ilikuwa ya 12H2O, naye alikuwa amepima gramu 1.0 kama mwongozo ulivyosema. Gramu 1.0 ya chumvi kavu ni milimoli 7.0; ya ile yenye maji ni milimoli 2.8 tu. KH2PO4 ikabaki milimoli 5.1, kwa hiyo upande wa asidi ukazidi na pH ikashuka hadi karibu 6.8. Kwa pH hiyo umbo la seli za damu huonekana vizuri, lakini vitone vya Schüffner hufifia au hukosekana kabisa. Giemsa haikuwa na kosa.

Hata ukijua namba sahihi, chumvi ya 12H2O ina tatizo jingine: chupa ikiwa wazi kwenye hewa kavu hupoteza maji, fuwele hugeuka unga mweupe, na 358.14 ya kwenye lebo haisemi kweli tena. Ile kavu nayo hunyonya unyevu, hasa kwetu pwani, ila kosa lake ni dogo zaidi. Ukipewa nafasi ya kuagiza, agiza kavu na ufunge kifuniko mara tu unapomaliza.

3. Bafa yenyewe, lita moja

```
C1 × V1 = C2 × V2
Na2HPO4: 7.0 mM × 1000 / 100 mM = 70 ml
KH2PO4:  5.1 mM × 1000 / 100 mM = 51 ml
```

Jaza maji hadi lita moja, kisha pima pH. Pima baada ya kujaza, si kabla, kwa sababu pH ya fosfeti hupanda kidogo unapoiongezea maji. Ikisoma chini ya 7.2, ongeza akiba ya Na2HPO4 mililita moja moja. Ikizidi, ongeza ile ya KH2PO4. Sipendi kurekebisha kwa NaOH: tone moja likizidi, umeruka mbali. Mita isawazishwe kwanza kwa pH 7.

Bafa ikiwa na ukungu au vinyuzi vinavyoelea, mwaga.

4. Giemsa ya 10%

Hii ni asilimia ya ujazo kwa ujazo: Giemsa mililita 5, bafa mililita 45. Si 5 kwa 50. Usiilaze hadi kesho.

5. Kupunguza nguvu kwa mfululizo

Ukifungua chupa mpya ya Giemsa, jaribu nguvu tatu kwenye slaidi za damu ileile. Mrija wa kwanza weka mililita 10 za 10%. Wa pili na wa tatu weka bafa mililita 5 kila mmoja. Hamisha mililita 5 kutoka wa kwanza kwenda wa pili, changanya, kisha 5 kutoka wa pili kwenda wa tatu. Sasa una 10%, 5% na 2.5%. Badilisha pipeti kila unapohama, kwani rangi iliyoganda ukutani huongeza nguvu ya mrija unaofuata. Ya 10% anza na dakika 10; ya 2.5% ipe 45 au zaidi. Na punguza kwa bafa, si kwa maji, la sivyo pH uliyoihangaikia haipo tena.