Jinsi ya kuandika mwaliko wa sherehe ya wafanyakazi: anza na siku ya mwisho ya kujibu

Mwaka jana ofisini kwetu tulilipia sahani nyingi ambazo hazikuguswa, kwa sababu mwaliko ulisema "thibitisheni mapema" bila kutaja siku. Kwa hiyo kabla hujaandika salamu, mpigie mtu wa chakula umuulize anataka idadi kamili lini. Ukishampa idadi hiyo, utalipia sahani zote hata watu wasipotokea.

Chukua mfano wa sherehe ya Ijumaa, 18 Desemba 2026. Mpishi akitaka idadi siku saba kabla, ni Ijumaa tarehe 11. Usiwape wafanyakazi tarehe hiyohiyo, maana wapo watakaohitaji kukumbushwa. Jumatano tarehe 9 ni Siku ya Uhuru na ofisi zimefungwa. Wape mpaka Ijumaa tarehe 4, ubaki na Jumatatu na Jumanne za kuwafuatilia.

Saa nayo iangalie vizuri. Ukiandika "saa 12:00" tu, wapo watakaosoma saa sita mchana, hasa waliozoea kalenda ya kompyuta. Andika saa ya Kiswahili, na pembeni uweke ya kalenda.

Mavazi yataje kwa jina. "Nadhifu" kila mtu anaielewa kivyake. Mmoja atakuja na suti, mwingine na jinzi. Ukisema kitenge, sema pia kama shati la kitenge linatosha, ili mtu asilazimike kushona vazi jipya mwezi wa Desemba wenye gharama nyingi.

Mwaliko wenyewe ukae hivi:

Kichwa: Mwaliko: Sherehe ya Wafanyakazi, Ijumaa 18 Desemba 2026 (jibu kufikia 4 Desemba)

Ndugu wafanyakazi,

Mnakaribishwa kwenye sherehe yetu ya mwaka, Ijumaa, 18 Desemba 2026, kuanzia saa 12 jioni (18:00) hadi saa 4 usiku (22:00), katika ukumbi wa mikutano wa ofisi yetu, ghorofa ya chini.

Vazi: kitenge, shati au kilemba cha kitenge kinatosha.

Tafadhali jibu kwa Idara ya Utumishi kabla ya Ijumaa, 4 Desemba, saa 10 jioni (16:00). Taja kama utakuja, kama utakuja na mwenza, na chakula usichokula. Ambaye hatajibu hatawekwa kwenye hesabu ya chakula.

Sentensi hiyo ya mwisho usiione kali ukaiondoa. Ndiyo inayokupa haki ya kufunga orodha.

Wakati wa kutuma, anwani za wafanyakazi ziweke kwenye Bcc. Zikikaa kwenye To, anayejibu wote ataijaza ofisi nzima "nitakuja", na majibu unayoyahitaji yatapotea humo. Kumbusha Jumatano tarehe 2, ukiwaandikia wale tu ambao bado hawajajibu. Madereva na walinzi wasiofungua barua pepe kila siku, wafuate wenyewe na uandike majibu yao kwenye orodha hiyohiyo.