Jinsi ya kukokotoa mshahara wa mkononi kutoka kwenye ghafi kabla hujasaini mkataba

Barua ya ajira inasema 1,400,000 kwa mwezi. Hiyo ni ghafi, yaani kabla ya makato, na benki haitaiona kamwe. Kabla hujaenda kutafuta nyumba ya kodi kubwa kwa kutegemea namba hiyo, chukua karatasi tukokotoe. Hesabu hii ni ya Tanzania Bara, mwajiriwa wa sekta binafsi aliye NSSF, kwa viwango vya kodi ya mshahara, PAYE, vilivyoanza Julai 2021, pale asilimia 9 ya chini iliposhushwa kuwa 8. Walio PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, wana mchango tofauti, lakini ngazi za kodi ni hizi hizi.

Kwanza, hakikisha ghafi yako ni ghafi kweli. Posho ya nyumba na posho ya usafiri zinazolipwa taslimu kila mwezi zinajumlishwa humo, na zinatozwa kodi kama mshahara. Mwajiri wa sekta binafsi akikuambia "hii ni posho tu, haina kodi", mwombe aandike. Posho ya safari ya kikazi na pesa unayorudishiwa kwa matumizi ya ofisi ni habari nyingine, hizo hazimo.

Sasa toa NSSF. Mchango wote ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida mwajiri anabeba nusu na wewe nusu. Nusu yako kwenye 1,400,000 ni 140,000. Kinachobaki, 1,260,000, ndicho kinachotozwa kodi. Naomba usiipite sentensi hiyo haraka, maana hapo ndipo pesa yangu ilipopotelea: kodi inakokotolewa baada ya NSSF kutoka, siyo kabla.

Hiyo 1,260,000 haitozwi kiwango kimoja. Inakatwa vipande, na kila kipande kina asilimia yake. Shilingi 270,000 za kwanza hazina kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 kuna kipande cha 250,000 kinachotozwa asilimia 8, yaani 20,000. Kutoka 520,000 hadi 760,000 ni 240,000 kwa asilimia 20, sawa na 48,000. Kutoka 760,000 hadi 1,000,000 ni 240,000 nyingine kwa asilimia 25, sawa na 60,000. Zilizovuka milioni ni 260,000, na hizo zinatozwa asilimia 30, sawa na 78,000. Jumlisha: 20,000 na 48,000 na 60,000 na 78,000, unapata 206,000. Hiyo ndiyo PAYE yako ya mwezi.

Jedwali la TRA linakufupishia kazi. Kwa aliyevuka milioni linasema 128,000 jumlisha asilimia 30 ya kinachozidi 1,000,000. Watu wengi wanaiogopa hiyo 128,000 wakidhani ni faini ya kuwa na mshahara mkubwa. Ni jumla ya vipande vya chini ulivyokwisha kuvikokotoa: 20,000, 48,000 na 60,000. Hakuna kingine ndani yake.

Kutokana na woga huo huo kuna maneno yanayozunguka kila ofisi: "Nikiongezwa kidogo nitaingia kwenye asilimia 30, bora nibaki nilipo." Nimemsikia mtu mzima, tena mwenye shahada, akikataa nyongeza kwa sababu hiyo. Tuseme pesa yako inayotozwa kodi ni 1,000,000 kamili, ukaongezewa 10,000. Ile milioni inaendelea kutozwa 128,000 vilevile. Asilimia 30 inagusa zile 10,000 tu, kwa hiyo kodi inapanda kwa 3,000 na wewe unabaki na 7,000. Kwa jedwali hili hakuna mahali ambapo kuongezwa mshahara kunakupunguzia mkononi.

Kama una kompyuta, weka pesa iliyobaki baada ya NSSF kwenye kisanduku B2, kisha bandika hii:

```
=IF(B2<=270000,0,IF(B2<=520000,(B2-270000)*8%,IF(B2<=760000,20000+(B2-520000)*20%,IF(B2<=1000000,68000+(B2-760000)*25%,128000+(B2-1000000)*30%))))
```

Ukiandika 1260000 ikakujibu 206000, umeibandika vizuri.

Kutoka kwenye 1,400,000 zimeondoka 140,000 za NSSF na 206,000 za PAYE. Umebaki na 1,054,000. Kama hukukopa chuo na huna makato mengine, hiyo ndiyo itakayosoma kwenye simu mwisho wa mwezi. Kama ulikula boom, Bodi ya Mikopo inakusubiri na asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa mfano wetu, ambao nimeufanya mshahara mtupu usio na posho ili hesabu isituchanganye, hiyo ni 210,000. Unabaki na 844,000.

Angalia mpangilio. Mkopo wa chuo unatoka baada ya kodi na haupunguzi kodi hata senti. Vivyo hivyo ada ya chama cha wafanyakazi, marejesho ya SACCOS na bima ya NHIF kama upo huko. Lakini ukiona tozo ya ujuzi SDL au mchango wa mfuko wa fidia WCF imepangwa kwenye safu ya makato yako, simama uulize. Hayo ni malipo ya mwajiri, hayapaswi kutoka mfukoni mwako.

Sasa nije kwenye kilichoniuma. Mahali fulani nilipoanza kazi, slipu yangu ya kwanza ilisoma 802,000 wakati karatasi yangu ilisema 844,000. Pungufu ni 42,000. Nikaenda kwa wahasibu. Jibu la kwanza lilikuwa "mfumo ndio umekokotoa", likatamkwa kwa heshima ile anayopewa hakimu. Jibu la pili lilikuwa kwamba anayehusika ametoka. Anayehusika, kwa uzoefu wangu, huwa ametoka.

Kwa hiyo nikakaa na slipu yenyewe. NSSF ilikuwa 140,000, sawa. Bodi ya Mikopo 210,000, sawa. PAYE ilisoma 248,000 badala ya 206,000. Nikaigeuza: ukitoa 128,000 kwenye 248,000 inabaki 120,000, na hiyo ni asilimia 30 ya 400,000. Maana yake mfumo uliona nimevuka milioni kwa 400,000, yaani ulitoza kodi kwenye 1,400,000 nzima kana kwamba NSSF haikutoka. Na ile 42,000 iliyopungua ni asilimia 30 ya 140,000, hesabu ikafunga kabisa.

Njia hiyo ya kugeuza inafaa kwa slipu yoyote ya aliye kwenye ngazi ya juu. Chukua PAYE uliyokatwa, toa 128,000, gawa kwa 0.3, kisha ongeza 1,000,000. Unapata pesa ambayo mhasibu aliitoza kodi. Ikilingana na ghafi yako, NSSF haikutolewa kwanza. Ikilingana na ghafi toa NSSF, wako sawa, na tofauti uitafute kwingine.

Usiende tena dirishani kwa mdomo. Andika barua pepe kwa mhasibu na nakala kwa ofisi ya utumishi, weka slipu, weka mistari mitano ya hesabu, na uulize swali moja tu: "PAYE hii imekokotolewa kwenye kiasi gani?" Swali hilo halijibiwi kwa neno mfumo. Kwangu mimi ilibainika kwamba safu ya kodi kwenye jedwali lao la Excel ilikuwa inasoma safu ya ghafi badala ya safu ya pili yake, na wenzangu wote walikuwa wanakatwa hivyo hivyo bila kujua. Mwezi uliofuata slipu ikanyooka. Jitahidi barua yako ifike mapema, kwa sababu mwajiri anatakiwa kuwasilisha PAYE ya mwezi kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata kupita. Kabla ya hapo ni kurekebisha jedwali la ofisini. Baada ya hapo pesa iko TRA, na mhasibu anapata sababu mpya ya kutoka.

Kwa mwaka mzima 42,000 kila mwezi ni 504,000.

Hesabu nyingine inayostahili muda wako ni ya kurudi nyuma. Kwenye usaili utaulizwa unataka mshahara kiasi gani, na wewe kichwani una namba ya mkononi, wakati mwajiri kichwani ana ghafi. Ukiwa umevuka ghafi ya karibu 1,111,000, na makato ni NSSF na PAYE pekee, mkononi inakuwa asilimia 63 ya ghafi jumlisha 172,000. Jaribu na mfano wetu: asilimia 63 ya 1,400,000 ni 882,000, ongeza 172,000, unapata 1,054,000 ile ile. Ukiwa na mkopo wa chuo kwenye mshahara usio na posho, badala ya 63 weka 48.

Kwa hiyo kama unataka milioni moja kamili mkononi na Bodi ya Mikopo bado inakudai, toa 172,000 kwenye 1,000,000 ubaki na 828,000, kisha gawa kwa 0.48. Jibu ni 1,725,000. Hiyo ndiyo ghafi ya kutaja kwenye usaili. Asiye na deni anagawa kwa 0.63, naye inamtosha kutaja takribani 1,314,300. Hapo pia unaona kwa nini nyongeza ya 100,000 iliyotangazwa kwa vigelegele inafika kwako mwenye mkopo ikiwa 48,000.

Kama una kibarua cha pili chenye mkataba wa ajira, usikirudishie ngazi hizi tangu mwanzo. Zile 270,000 zisizo na kodi zinatumika kwa mwajiri mkuu tu. Yule wa pili anakata asilimia 30 kuanzia shilingi ya kwanza, kwa hiyo mwambie mapema kwamba una ajira nyingine, na upange bajeti ukijua hivyo.

Mwajiri akikuahidi namba ya mkononi badala ya ghafi, mwombe aandike zote mbili kwenye mkataba, pamoja na kiasi cha NSSF atakachokiwasilisha. Nimeona mikataba inayoahidi mkononi pekee, na ghafi iliyofika NSSF ikawa ndogo kuliko ile inayozaa mkono huo. Ghafi ya 1,400,000 inapaswa kukupatia 280,000 kila mwezi kwenye taarifa ya michango, 140,000 zako na 140,000 za mwajiri. Omba taarifa hiyo NSSF baada ya mwezi wa pili wa kazi, uiweke sambamba na slipu.