Kivimbe cha thairoidi shingoni: namna ya kukisoma kwa altrasaundi, lini uchome sindano na lini ukiache

Wadau, naandika hii kwa ajili ya wenzangu wanaoshika probu huku Kusini na hata kwa mgonjwa aliyepewa ripoti akaambiwa tu "una uvimbe, nenda kafanyiwe opresheni". Nitatumia mgonjwa mmoja mwanzo mpaka mwisho, maana ukianza kukariri jedwali bila mtu mbele yako unasahau kesho yake.

Huyu mama ana miaka 46, katokea vijijini Tandahimba, kaja Mtwara mjini na dada yake. Kivimbe kiko upande wa kulia wa shingo, akimeza mate kinapanda na kushuka, hakimuumi, sauti iko vilevile, anakula vizuri. Kabla sijamgusa akaniambia, "Dokta, mie nataka kitolewe tu, majirani wanasema nimerogwa." Nikamwambia mama, subiri kwanza tukiangalie, kutoa hakukimbii.

Hatua ya 1: damu kwanza, TSH

Usianze na sindano. Pima TSH, ile homoni ya kwenye ubongo inayoiamrisha thairoidi ifanye kazi. Ikiwa chini ya kawaida ina maana huenda hicho kivimbe chenyewe ndo kinatengeneza homoni kupita kiasi, na vya aina hiyo ni nadra sana kuwa kansa, alafu ukivichoma seli zake zinaweza kumchanganya mpatholojia akaandika kitu cha kutisha bure. Mgonjwa wa hivyo anahitaji skani ya nyuklia, yaani safari ya Dar. TSH ya mama yetu ilikuwa kawaida, tukaendelea.

Hatua ya 2: altrasaundi, na hapa usiwe na haraka

Mlaze chali, mto chini ya mabega ili shingo ifunguke, jeli ya kutosha, probu bapa ya megahezi 7 mpaka 15. Usikandamize, ukikandamiza unabadilisha umbo la kivimbe na umbo ni moja ya vitu unavyokuja kupigia hesabu. Pima pande tatu: urefu, upana na kina. Cha mama kilikuwa milimita 19 kwa 13 kwa 11. Alafu pitisha probu pande zote mbili za shingo kutafuta matezi ya limfu yaliyovimba, wengi wanaruka hapa kwa sababu foleni ni ndefu nje.

Sasa hesabu. Mfumo ninaotumia ni TI-RADS ya madaktari wa radiolojia wa Marekani, wa mwaka 2017. Unajiuliza maswali matano na kila jibu lina pointi.

Kwanza, ndani kuna nini? Maji matupu ni 0, kama sponji ni 0 na hapo unaacha kuhesabu kabisa, mchanganyiko wa nyama na maji ni 1, nyama tupu ni 2. Cha mama kilikuwa mchanganyiko, 1.

Pili, ile sehemu ya nyama ina rangi gani? Ukilinganisha na tezi ya thairoidi yenyewe iliyo pembeni yake, ikiwa sawa au nyeupe zaidi ni 1, ikiwa nyeusi zaidi ni 2, na ikiwa nyeusi kuliko hata misuli ya shingo iliyo mbele yake ni 3. Ya mama ilikuwa nyeusi kidogo kuliko tezi, 2.

Tatu, umbo. Kwenye picha ya kukata kwa upana, je kimesimama au kimelala? Kina kikizidi upana kimesimama, hiyo ni pointi 3 papo hapo. Chake kina 11, upana 13, kimelala, 0.

Nne, ukingo. Laini ni 0, na hata ukingo usioonekana vizuri ni 0, ila wenye meno meno au mabonde ni 2, na kikiwa kimetoboa kutoka nje ya tezi ni 3. Wake ulikuwa laini, 0.

Tano ndo penye mtego, vidoa vyeupe. Kulikuwa na kipande kimoja kikubwa cha chokaa chenye kivuli cheusi nyuma yake, hicho ni 1. Lakini pia kulikuwa na vidoa viwili vinang'aa kwenye ukuta wa ile sehemu ya maji, na hapa nikasimama. Vidoa vidogo vidogo kama punje za chumvi ndani ya nyama ni pointi 3, vinaweza kuwa dalili ya kansa ya papilari. Ila kidoa chenye mkia nyuma yake, mkia mpana juu unaochongoka kwenda chini kama V, mrefu kuzidi milimita 1, hicho ni koloidi, yaani uteute wa tezi yenyewe, na pointi zake ni 0. Namna ya kutofautisha: kuza picha, shusha fokasi iwe usawa wa kidoa, geuza probu taratibu uone mkia unatokea au la. Vya mama vilikuwa na mkia wa V kabisa.

Jumla: 1 na 2 na 1, ni 4. Hilo ni daraja la TR4. Kama ningevihesabu vile vidoa kama punje angepata 7, na 7 ni TR5, daraja la juu kuliko yote. Mie mwenyewe miaka ya mwanzo nilikuwa naviandika vyote "chokaa ndogo ndogo" bila kugeuza probu, na kuna kijana mmoja ripoti yangu ilimsukuma moja kwa moja chumba cha opresheni, kikakutwa kivimbe cha kawaida tu cha koloidi, na sauti yake mpaka leo inakwaruza. Sijamsahau.

Hatua ya 3: je kinastahili sindano?

Pointi peke yake haziamui, unaziweka pamoja na ukubwa. TR3, yaani pointi 3, sindano kuanzia sentimita 2.5. TR4, pointi 4 mpaka 6, kuanzia sentimita 1.5. TR5, pointi 7 na kuendelea, kuanzia sentimita 1. Chini ya TR3 hakuna sindano. Mama ana TR4 ya sentimita 1.9, kwa hiyo anachomwa. Angekuwa na TR4 ya sentimita 1.2 ningemwambia arudi mwakani tu, na dada yake angenishangaa.

Hatua ya 4: kuchoma, na namna ya kutoharibu ulichotoa

Ni sindano nyembamba ya geji 25, ile ya rangi ya chungwa. Safisha ngozi, mwambie asimeze wala asiongee nikiwa ndani. Ingiza huku unaiona ncha kwenye skrini, elekea sehemu ya nyama, sio kwenye maji, maana maji hayana seli za kutosha. Mie huwa sivuti kwa bomba, naenda mbele na nyuma harakaharaka sekunde 5 hivi, damu ikianza kuonekana kwenye kitako cha sindano natoka. Narudia mara 3 sehemu tofauti. Thairoidi ina damu nyingi, ukivuta kwa nguvu unapata damu na seli chache zinazoogelea ndani yake.

Alafu slaidi. Jina liandike kwa penseli, wino wa peni unafutika kwenye spiriti. Vuta hewa kwenye bomba, chomeka sindano, sukuma tone dogo kwenye slaidi, paka kwa slaidi nyingine mara moja, na nyingi ziingie kwenye spiriti ya asilimia 95 hapohapo, sio baada ya kumaliza kuongea na mgonjwa. Moja au mbili unaziacha zikauke kwa ajili ya rangi ya Giemsa. Baada ya hapo bonyeza shingo dakika 5 mpaka 10.

Na sasa kichekesho: mara ya kwanza kwa mama huyu niliharibu. Joto la Mtwara mnalijua, feni ilikuwa imeelekezwa mezani, zile slaidi za spiriti zikakauka kabla sijazichovya. Majibu yakarudi Bethesda 1, yaani daraja la kwanza la mfumo wa mpatholojia wa kusoma seli za thairoidi, maana yake hakuna cha kusoma. Mpatholojia anataka walau makundi 6 ya seli, kila kundi seli 10, na awe anaziona vizuri. Bethesda 1 sio "salama", ni kwamba kipimo hakikufanyika, urudie. Ikabidi nimwite tena kutoka Tandahimba nikiwa na aibu, feni nikazima.

Hatua ya 5: kusoma majibu

Bethesda ni madaraja 6. La 2 ni salama, la 6 ni kansa, la 5 linashukiwa sana na kwa kawaida linaenda kwa daktari wa upasuaji. La 3 na la 4 ni katikati, la 3 mara nyingi unarudia sindano kwanza, la 4 mara nyingi linaishia kutolewa nusu ya tezi ili kujua. Mama yetu mara ya pili alipata 2.

Ila jibu la 2 lazima likubaliane na picha. Kama altrasaundi ilisema TR5 na sindano inasema salama, usishangilie, rudia vyote ndani ya miezi 12, huenda ulichoma pembeni. Ndo maana nilihangaika na ule mkia wa V. Kwa mama, TR4 ya pointi 4 na Bethesda 2, vinaelewana.

Hatua ya 6: kutoa au kuangalia

Hapa ndo mama aliponibana: "Sasa si kitolewe tu tumalize?" Nikamweleza hivi. Nyuma ya tezi unapita mshipa wa fahamu wa sauti, ukiguswa sauti inakwaruza au inapotea. Kuna vitezi vinne vidogo kama punje za mchele vinavyoshika kalsiamu, vikiondoka mikono inakufa ganzi na kukakamaa. Na tezi yote ikitolewa unameza levothairoksini kila asubuhi tumbo tupu maisha yote, ikikatika dukani unavimba na kuchoka. Hayo yote kwa kivimbe ambacho hakikusumbui na kimeonekana salama, hesabu haikubali.

Hata kansa ndogo za papilari za sentimita 1 kushuka zinaweza kuangaliwa. Hospitali ya Kuma huko Kobe, Japani, walianza kufanya hivyo mwaka 1993, na kwenye ripoti yao ya wagonjwa 1,235 ya mwaka 2014 hakuna aliyekufa kwa kansa hiyo. Sharti isiwe karibu na koo la hewa wala ule mshipa wa sauti, matezi ya limfu ya shingo yawe safi, na mgonjwa awe wa kurudi. Hilo la mwisho kwangu ni zito kuliko wengi wanavyodhani. Mtu anayepotelea mashambani miaka mitatu humuangalii, umemtelekeza, na huyo huenda opresheni inamfaa zaidi.

Usisubiri kama sauti imebadilika, kinakua ndani ya wiki, ni kigumu kimegandamana, kumeza au kupumua ni shida, au tezi ya limfu pembeni ya shingo imevimba.

Mwaka uliofuata mama akarudi na picha ya zamani kaihifadhi kwenye mfuko wa nailoni. Njiani alipimwa sehemu nyingine akaandikiwa "kimekua": milimita 20 kwa 14 kwa 11. Nikakaa naye tukapiga hesabu. Kukua kunahesabika pande mbili zikiongezeka asilimia 20 na angalau milimita 2 kila moja, au ujazo uongezeke nusu. Yeye kaongeza milimita 1 na 1, ujazo kutoka mililita 1.4 kwenda 1.6. Milimita 1 ni mkono wa anayepima tu. Dada yake akauliza basi arudi lini, nikamwandikia Julai, kabla korosho hazijaanza kuanguka, maana zikianza najua simuoni.