Kugeuza makala kuwa video ya dakika moja: kisa cha dagaa wa Katonga

Makala niliyoifanyia kazi ina maneno yapata 900. Inaeleza kwa nini baadhi ya wachuuzi wa mwalo wa Katonga, hapa Kigoma, wameacha kuanika dagaa mchangani na sasa wanawaanika juu ya vichanja vya wavu vinavyofika kiunoni. Nilitaka video ya wima ya sekunde 60, ya kutazamwa kwenye simu. Nitaeleza nilivyoitengeneza kwa zana ya akili mnemba yenye violezo, na namna nilivyoondoa yale ambayo zana hiyo ilibuni bila kuijua Kigoma.

Hatua ya kwanza: andika upya kwa ajili ya sikio

Zana kama Pictory hukubali kupewa kiungo cha makala, kisha huifupisha yenyewe. Sikushauri ufanye hivyo kwa makala ya Kiswahili, kwa sababu mara nyingi huokota sentensi za utangulizi na kuacha kiini. Fupisha mwenyewe. Nikisoma kwa utulivu, dakika moja hunitosha kwa maneno kama 110, hivyo katika maneno 900 ilinibidi nichague jambo moja tu, nalo ni mchanga. Masuala ya bei, ya mvua na ya gharama ya kichanja niliyaacha kwenye makala, ingawa la mvua liliniuma kulikata.

Makala ilianza hivi: «Uanikaji wa dagaa kwa njia ya asili umekuwa ukiathiri ubora wa mazao hayo.» Hakuna mtu anayezungumza namna hiyo. Mswada wa video ukaanza hivi: «Mtafune dagaa huyu. Umesikia mchanga? Alikauka chini, ufukweni. Sasa mtafune huyu wa kichanjani.» Msomaji wa makala anaweza kurudi nyuma akasoma tena, lakini mtazamaji hana nafasi hiyo, kwa hiyo kila sentensi ibebe wazo moja. Tarakimu nazo ziandikwe kwa maneno, kwa kuwa sauti ya mashine inaweza kuzisoma kwa Kiingereza.

Hatua ya pili: iachie zana itengeneze rasimu

Bandika mswada kwenye sehemu ya «Script to video», chagua umbo la 9:16 na kiolezo chenye mapambo machache. Weka kila wazo kwenye mstari wake, kwa sababu aghalabu zana hugawa mandhari kwa kufuata mistari na nukta. Nilipata mandhari tisa, sauti, maandishi na muziki ndani ya dakika chache. Ichukulie kazi hiyo kama jengo lililosimamishwa miti tu, ambalo bado halijakandikwa.

Hatua ya tatu: badilisha picha zinazosema uongo

Zana haikuelewa makala yangu. Ilitafuta maneno kwenye ghala lake la video na kuchukua zilizokaribiana nayo. Kwa neno «dagaa» ilileta samaki wa kopo. Kwa «ziwa» ilileta maji yaliyozungukwa na milima yenye theluji. Hayo ni makosa ambayo kila mtu angeyaona. Hatari zaidi ni kosa linalofanana na ukweli: palikuwa na picha nzuri ya jua likichomoza kutoka majini, iliyowekwa kwenye sentensi inayosema «asubuhi mitumbwi inarudi». Ziwa Tanganyika liko magharibi mwa Kigoma. Kwetu jua huchomoza nyuma ya vilima na kuzama ziwani, upande wa Kongo, na mtu wa hapa akiliona likitoka majini asubuhi hataamini tena hata habari ya kichanja.

Pitia mandhari moja baada ya nyingine ukiwa umezima sauti, na kwa kila moja ujiulize kama mtu wa mwaloni angeitambua kuwa ni kwake. Kati ya mandhari tisa nilibakiza mbili: maji yaliyopigwa picha kwa karibu na mikono inayopanga samaki, isiyoonyesha mahali. Saba nilizirekodi mwenyewe kwa simu katika asubuhi moja. Nilishika simu wima kwa mikono miwili, viwiko vikiwa vimegusa mbavu, na kila tukio nikalirekodi kwa sekunde kumi bila kusogea, ingawa sikuzihitaji zote, ili nipate pa kukatia. Katika programu ya kuhariri video ya CapCut, amri ya «Replace» huingiza klipu yako mahali pa ile ya ghala bila kubadili urefu wa mandhari.

Usijaribu kuziba pengo kwa picha iliyobuniwa na mashine. Nilijaribu mara moja kwa kichanja, nikapata meza iliyojaa samaki wakubwa kama sato, wote wameelekea upande mmoja.

Hatua ya nne: ondoa sauti ya mashine, weka yako

Sauti za Kiswahili za mashine zipo na si mbaya. Microsoft, kwa mfano, ina Rehema na Daudi kwa Kiswahili cha Tanzania. Shida ni kwamba mashine haijui unachomaanisha. Mswada wangu ulikuwa na sentensi «wageuze mpaka wakauke barabara». Mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili, neno hilo lina maana ya sawasawa; ukiwa kwenye silabi ya tatu, ni njia ya magari. Mashine ilisoma njia ya magari, na dagaa wangu wakawa wamekaukia barabarani. Tena inapumua kwa vipimo sawa baada ya kila nukta, na sikio huchoka kabla mtu hajajua sababu.

Rekodi sauti yako kwenye chumba chenye godoro na mapazia, simu ikiwa shubiri moja kutoka mdomoni na kando kidogo, ili pumzi isiigonge. Usisome, zungumza kama unayemweleza mtu mmoja. Baada ya swali la «Umesikia mchanga?» niliacha kimya cha sekunde moja nzima, na kimya hicho kimeisaidia video kuliko muziki wote wa kiolezo. Muziki wenyewe niliufuta, nikaweka sauti ya mwalo niliyoirekodi kulekule, ikisikika kwa mbali chini ya maneno.

Hatua ya tano: vunja mwendo wa kiolezo

Sasa kata picha zifuate sauti. Kiolezo kilikuwa kimeipa kila mandhari sekunde sita au saba. Nilimwacha dagaa wa kwanza kwa sekunde tisa, kisha nikapitisha picha tatu za haraka za kichanja. Maandishi yasizidi mistari miwili, na yainue juu kidogo, kwa sababu sehemu ya chini ya skrini hufunikwa na jina la akaunti na maelezo. Yasome yote: maandishi ya kujiandika yaliigeuza «mwalo» kuwa «mwaloni» mara mbili na kuipoteza apostrofi ya «ng'ambo».

Hatua ya sita: mwonyeshe anayeijua kazi

Kabla ya kuipandisha, nilimwonyesha mchuuzi mmoja pale Katonga. Alitazama mara moja, akarudisha nyuma, akasema: «Mwanangu, hao bado wabichi. Wanang'aa hivyo, halafu wewe unasema wamekauka?» Kweli, klipu ya mwisho niliirekodi saa tatu asubuhi, dagaa wakiwa wametandazwa punde tu. Nilirudi saa nane mchana, nikarekodi sekunde kumi za dagaa waliokunjamana na kupoteza mng'ao, nikaiweka mahali pake. Katika TikTok sikuhitaji kuwasha alama ya «AI-generated content», kwa sababu hakuna picha wala sauti ya mashine iliyobaki. Ningebakiza sauti ya Rehema, ningeiwasha.