Maji ya mtoto huharibika baada ya kuchemka

Wengi tunachemsha vizuri, halafu tunaharibu kwa kikombe. Maji yametoka jikoni salama, yakamiminwa kwenye ndoo, na kila anayepita anachota kwa mkono wake. Hapo vijidudu vimerudi.

Bomba likikauka na ukapata maji ya tope, yaache yatuame, uyachuje kwa kitambaa safi, ndipo uchemshe. Mvuke wa mwanzo usikudanganye. Ngoja yatokote kwa nguvu, mapovu makubwa yakipanda mfululizo, kisha hesabu dakika 1 nzima (nyanda za juu sana, dakika 3). Yapoe humohumo kwenye sufuria, kifuniko kikiwa juu. Yahamishie kwenye chombo safi chenye mdomo mwembamba au koki, ili yamiminwe tu, asichote mtu. Yakipita saa 24, tumia kwa kazi nyingine.

Chupa ndiyo yenye usumbufu. Maziwa hujificha kwenye mikunjo ya chuchu na nyuzi za kifuniko, kwa hiyo fungua kila kipande, sugua kwa brashi na sabuni, suuza. Ukipitisha kidole ndani na bado kunateleza, rudia. Kisha zamisha vyote kwenye maji, ukiinamisha chupa hewa itoke, maana penye hewa maji hayafiki. Vichemke dakika 5. Usivipanguse kwa taulo la jikoni. Viache vikauke vyenyewe juu ya kitambaa safi.

Kikombe cha wazi, kwa mtoto anayekiweza, husafishika kirahisi kuliko chupa.