Kukagua jumla ya ankara kabla gari halijaondoka: elfu kumi aliyoiona binti yangu

Nina kibanda Uyole, karibu na pale njia ya Tukuyu inapochepuka kutoka barabara kuu. Nauza sukari, unga, mafuta, sabuni na vingine vya jikoni. Mzigo unaletwa na kirikuu kutoka kwa muuzaji wa jumla, na sehemu yake kubwa nachukua kwa mali kauli: nalipa kiasi, nyingine inaingia kwenye daftari la madeni. Ankara zake zinaandikwa kwa mkono kwenye kitabu cha nakala, ya juu inabaki kwangu, ya chini iliyopitia kaboni inarudi dukani kwake.

Kwa miaka mingi nilikuwa nakagua vitu, jumla naiamini. Likizo ya Juni binti yangu wa darasa la sita alikuwa ananisaidia kibandani, na siku moja aliona kosa ambalo mimi ningelilipa. Tangu hapo tunakagua jinsi nitakavyoeleza hapa, nikitumia ankara ile ile.

Hatua ya kwanza: hesabu vitu, halafu kagua kila mstari

Usianze na jumla. Jumla inaweza kuwa sahihi kabisa juu ya mistari yenye makosa. Gari likiwa bado limesimama, mmoja asome ankara kwa sauti na mwingine aguse vitu: mifuko miwili ya sukari, ipo, katoni nne za sabuni, zipo. Kisha zidisha idadi kwa bei kwenye kila mstari, na bei yenyewe iwe ile mliyopatana kwenye simu.

Siku hiyo binti yangu ndiye aliyesoma. Ankara ilikuwa hivi:

| Bidhaa | Idadi | Bei | Kiasi |
|---|---|---|---|
| Sukari, mfuko wa kilo 50 | 2 | 138,000 | 276,000 |
| Unga wa ngano, mfuko wa kilo 25 | 3 | 37,500 | 112,500 |
| Mafuta, ndoo ya lita 20 | 2 | 88,000 | 176,000 |
| Sabuni ya mche, katoni | 4 | 23,500 | 94,000 |
| Chumvi, bunda | 5 | 6,800 | 34,000 |
| Majani ya chai, katoni | 1 | 58,500 | 58,500 |
| Viberiti, katoni | 1 | 27,000 | 27,000 |
| Jumla | | | 788,000 |

Vitu vilitimia na kila mstari ulikuwa sawa. Nikafungua pochi, maana nilikuwa nimepanga kulipa 500,000 na kubakiza deni. Mtoto akanivuta kitenge.

"Mama, hii haifiki laki saba na themanini."

Hatua ya pili: jumlisha kwa njia tofauti na ya aliyeandika

Nilimwuliza amejuaje, wakati hata kalamu hakushika. Jibu lake ndilo lililonifundisha zaidi, nami nalieleza polepole.

Aliyeandika ankara alijumlisha kwa safu, kutoka kulia kwenda kushoto, kama wote tulivyofundishwa. Ukirudia njia hiyo hiyo, jicho linapita palepale lilipoteleza la kwanza, na mara nyingi unapata jibu lile lile lenye kosa. Mtoto yeye aliacha sufuri tatu za mwisho, akatafuta namba zinazopendana, yaani zinazokamilisha kumi.

276 na 94 zinapendana, kwa sababu 6 na 4 ni kumi: zinakuwa 370. 176 na 34 nazo zinapendana: 210. Unga ni mia na kumi na mbili na nusu, majani ya chai ni hamsini na nane na nusu, nusu mbili zinakutana na kuwa nzima: 171. Vimebaki viberiti, 27.

Sasa zimebaki namba nne tu. 370 na 210 ni 580. Ongeza 171, ni 751. Ongeza 27, ni 778. Rudisha sufuri zake: 778,000.

Angalia kwamba hakufuata mpangilio wa ankara. Alirukaruka, lakini kila mstari aliougusa aliuwekea kidole ili asiurudie. Sisi siku hizi tunaweka alama ndogo ya kalamu ya risasi pembeni. Usipoweka alama, utahesabu mstari mmoja mara mbili, halafu utamshutumu mwenzako kwa kosa lako.

Mimi nikachukua simu kuhakikisha. Kwenye kikokotoo pia tunaacha sufuri tatu, tunabonyeza 276 + 112.5 + 176 na kuendelea, kwa sababu ukibonyeza sufuri nyingi kidole kitaruka moja au kuongeza moja. Nilianzia mstari wa chini kwenda juu. Ikaja 778.

Njia mbili tofauti zikikupa jibu moja, na ankara ina jibu lingine, hapo ndipo unaweza kuzungumza. Njia moja peke yake haitoshi kumsimamisha mtu mwenye gari.

Hatua ya tatu: toa, kisha isikilize tofauti

Watu wengi wakiona jumla hazilingani wanaanza upya kutoka juu. Kabla ya kuanza upya, toa ndogo kwenye kubwa. Ile tofauti inaonyesha kosa limekaa wapi.

788,000 toa 778,000 ni 10,000 kamili. Tofauti ikiwa moja yenye sufuri nyuma yake, yaani mia moja, elfu moja, elfu kumi au laki moja kamili, kosa mara nyingi liko kwenye kubeba. Na sufuri zinakuambia ni safu gani: elfu kumi inakupeleka moja kwa moja kwenye safu ya makumi elfu.

Tulifuata. Safu ya mia ina 5 na 5, ni kumi: andika 0, beba 1. Safu ya elfu ni 6, 2, 6, 4, 4, 8 na 7, jumla 37, na ile 1 iliyobebwa ni 38: andika 8, beba 3. Safu ya makumi elfu ni 7, 1, 7, 9, 3, 5 na 2, jumla 34. Ukiongeza 3 iliyobebwa unapata 37, unaandika 7. Ukiongeza 4 unapata 38, unaandika 8.

Na juu ya safu hiyo kijitarakimu cha kubeba kilikuwepo, kimeandikwa kidogo kwa kalamu inayokatakata wino. Ilikuwa 3 yenye mkia, ambayo kwa haraka unaisoma 4. Kosa zima lilikuwa hapo.

Tofauti nyingine zina sura zake. Ikilingana na mstari mmojawapo, mstari huo umerukwa au umehesabiwa mara mbili. Kwenye ankara hii, tofauti ya 34,000 ingetupeleka kwenye chumvi. Ikigawanyika kwa 9 bila kubaki, shuku tarakimu zilizobadilishana nafasi: 94,000 ikisomwa 49,000 inaacha tofauti ya 45,000, ambayo ni 9 mara 5,000. Hali ni hiyo hiyo namba ikiteleza safu moja, kama 34,000 kuingizwa 3,400: tofauti ni 30,600, nayo ni 9 mara 3,400. Hii ya tisa ni dalili ya pa kuanzia kutafuta. Kuna tofauti inayogawanyika kwa 9 kwa bahati tu, kwa mfano bei ya kitu cha 27,000 iliyorukwa, kwa hiyo kwanza tazama kama inalingana na mstari.

Hatua ya nne: mwonyeshe kwa karatasi

Kijana wa gari alikuwa ameshawasha injini. Binti yangu akamfuata dirishani na ankara mkononi.

"Shikamoo anko. Naomba tuhesabu wote hii."

"Marahaba. Bosi ameshajumlisha, mama."

"Ndiyo anko. Hii hapa juu ni tatu au ni nne?"

Kijana akaitazama ile tarakimu, akaitazama tena. Akazima gari. Tukajumlisha safu ile moja tu, kwa sauti, yeye akishika kalamu. Alipofika 37 akanyamaza, halafu akampigia bosi wake.

Hakuna neno la wizi lililotamkwa, na sikuona sababu ya kulitamka. Namba iliyosomwa vibaya usiku na mtu aliyechoka ni kosa la kawaida. Muulize mtu swali kuhusu tarakimu moja anayoweza kuiona mwenyewe, atakagua pamoja nawe. Ukimwambia "mmenizidishia", ataanza kujitetea na hesabu itasahaulika.

Hatua ya tano: sahihisha nakala zote mbili, pamoja na salio

Hapa ndipo wafanyabiashara wenzangu wengi wanapopoteza walichokiokoa. Wanarekebisha karatasi ya juu, wanashukuru, gari linaondoka. Nakala ya chini bado ina 788,000, na ni hiyo ndiyo inayoingizwa kwenye daftari la muuzaji.

Kwa mali kauli jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu kosa haliishii kwenye malipo ya siku ile. Nilikuwa nalipa 500,000. Kwa jumla ya mwanzo salio lingekuwa 288,000, kwa jumla sahihi ni 278,000. Ile elfu kumi ingeandikwa kwenye ankara inayofuata kama deni la nyuma, ndani ya namba ambayo hakuna mstari wake wa kukagua. Ikishafika huko huipati tena bila kufukua karatasi za zamani.

Basi tulifanya hivi. Tulirudisha karatasi yangu kitabuni, kaboni ikiwa katikati. Kijana akakata 788,000 kwa mstari mmoja ulionyooka, ile ya zamani ikiendelea kusomeka, akaandika 778,000 pembeni. Akafanya vivyo hivyo kwenye salio. Sote wawili tukaweka sahihi na tarehe. Usikubali tarakimu kuandikwa juu ya nyingine: 8 iliyogeuzwa 7 kwa kukandamiza kalamu inakuwa doa tu, na kila mtu ataisoma anavyotaka. Kama unapewa risiti ya mashine, hakikisha imetolewa baada ya marekebisho na inaonyesha kiasi kilichosahihishwa.

Fedha nilitoa baada ya sahihi. Elfu kumi ile nusura iende, na ni karibu faida yote ya mfuko mmoja wa sukari: ninanunua kilo kwa 2,760 na kuuza 3,000, mfuko mzima unaniachia 12,000.

Hatua ya sita: linganisha deni la nyuma mzigo unaofuata

Ankara iliyosahihishwa tuliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na binti akaandika salio kwenye daftari letu: 278,000. Kirikuu kilipokuja tena, kabla hata turubai halijafunuliwa, aliomba ankara mpya na kusoma mstari wa kwanza.

"Deni la nyuma, laki mbili na sabini na nane," akasema. Akaweka alama yake ya kalamu ya risasi, tukaanza kuhesabu mifuko.